Gia ya mota ya geti iliyolala kwa joto: plastiki ya meno na plastiki ya kava

*Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa mageti ya umeme, nipo Mbezi. Gia ya plastiki ndani ya mota ya geti la kuteleza iliisha meno, spea sikuipata, nikachapisha nyingine kwa printa ya 3D nikitumia PLA. Ilifanya kazi siku tisa, kisha meno yakalala upande mmoja kama yamesukumwa. Mwenzangu anasema nitafute plastiki ile isiyoyeyuka, ya soketi na mipini ya vikaango. Kava la mota nalo limepauka na kupasuka kwenye skrubu. Nitumie plastiki gani kwa gia, na ipi kwa kava?*

Marahaba, ndugu yangu. Namna meno yalivyoharibika ndiyo inayotuonyesha pa kuanzia. Jino lililovunjika huacha uso mkavu wenye makali, jino lililolika huwa jembamba huku limesimama wima, na jino lililoyeyuka huacha nyuzi na matone. Ya kwako hayakupatwa na lolote kati ya hayo: yalilala yakiwa bado na unene wake, kuelekea upande ambao parafujo ya chuma, ule mhimili wenye nyuzi unaoizungusha gia, ilikuwa ikiyasukuma. Hiyo ni dalili ya plastiki iliyolegea ikiwa bado mbali sana na kuyeyuka. Kwa hiyo ushauri wa mwenzako, ingawa una ukweli ndani yake, unajibu swali ambalo gia yako haikuliuliza.

Plastiki zote zimeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli. Katika themoplastiki minyororo hiyo imelazana tu bila kufungwa pamoja, mfano wa tambi ndani ya sahani. Ukiipasha moto inateleza, ukiipoza inakamatana tena, na unaweza kurudia hivyo mara nyingi kama samli inavyoganda na kuyeyuka. PLA, nailoni, ABS, na plastiki ya ndoo na ya matenki ya maji ziko katika kundi hili. Katika themoseti, minyororo hufungwa kwa viungo vya kikemia wakati kitu kinapotengenezwa, hata kipande kizima kikawa mithili ya wavu mmoja. Ni kama kitumbua: rojo likishaiva halirudi kuwa rojo, na ukizidisha moto linaungua. Bakelaiti, ambayo Leo Baekeland aliitengeneza mwaka 1907 na ambayo ndiyo mzazi wa plastiki za soketi na mipini ya vikaango, ni themoseti. Epoksi na rezini ya faibaglasi ni themoseti pia.

Mpaka hapo mwenzako yuko sahihi. Kosa linaingia tunapodhani kwamba hatari ya gia ni kuyeyuka. PLA huyeyuka kati ya nyuzijoto 150 na 180, na mota ya geti haifiki huko hata ikiachwa juani mchana kutwa. Lakini kabla ya kuyeyuka, kila plastiki ina joto ambalo minyororo yake, iliyokuwa imekakamaa kama kioo, huanza kupata nafasi ya kujisogeza. Kwa PLA joto hilo ni kati ya nyuzi 55 na 60 hivi. Chini ya hapo ni ngumu na inang'ang'ania umbo lake. Juu ya hapo inageuka kuwa kama ngozi iliyoloa, na chochote kinachoisukuma kinaipa umbo jipya. Kasha jeusi lililofungwa, likipigwa na jua la Dar es Salaam saa nane mchana, hupita nyuzi 60 kwa urahisi, na hapo mota yenyewe haijaanza kuongeza joto lake. Gia yako haikuhitaji hitilafu yoyote ili iharibike. Ilihitaji tu mchana mmoja wenye jua kali na geti lililofunguliwa mara nyingi mfululizo.

Kuna jambo la pili linalochanganya mafundi wengi. Ukisoma jedwali la mtengenezaji utakuta nailoni 6 hulegea kwa nyuzi 50 hivi ikiwa kavu, na chini zaidi ikiwa na unyevu. Asetali, ile inayoandikwa POM, hulegea kwa takriban nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa hesabu ya PLA, hizo zingekuwa plastiki mbaya kuliko zote kwa gia, na bado ndizo zilizojaa ndani ya mashine za dunia nzima. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya minyororo yake imejipanga kwa safu zilizoshikana sana, yaani fuwele. Sehemu isiyojipanga inapolegea, fuwele hubaki zimesimama na kushikilia umbo kama nondo zinavyoshikilia zege. Fuwele za nailoni 6 hazivunjiki mpaka nyuzi 220 hivi, na za asetali mpaka kati ya 165 na 175 kutegemea aina. Ugumu hupungua joto linapopanda, hilo ni kweli, lakini hupungua polepole, hauporomoki mara moja. PLA iliyotoka kwenye printa ina fuwele chache mno, kwa hiyo ikishalegea hakuna kilichobaki cha kuishikilia.

ABS na polikaboneti hazina fuwele kabisa, na kwa hizo lile joto la kulegea ndilo mwisho wa safari: takriban nyuzi 105 kwa ABS na 147 kwa polikaboneti. Joto hilo linatosha kwa kava. Kwa meno yanayosuguana na chuma hazifai, si kwa sababu ya joto tu bali kwa sababu zinalika haraka na hupasuka zikikutana na baadhi ya grisi.

Sasa niirudie themoseti, maana nayo ina joto la kulegea. Mafundi wengi hawalijui hili. Wavu haumruhusu mtu kuiyeyusha, lakini nafasi kati ya vifundo vya wavu inaweza kulegea, na kiasi cha kulegea kinategemea jinsi ilivyoivishwa. Epoksi ya kawaida iliyochanganywa na hadena na kuachwa igande kwenye meza ya karakana mara nyingi hulegea kati ya nyuzi 50 na 60. Fundi anayechukua chapa ya gia ya zamani na kumimina epoksi ndani yake, akiamini kwamba amepata plastiki isiyoyeyuka, anaweza kupata meno yaliyolala kama yako, au zaidi yaliyokatika, kwa kuwa epoksi tupu ni dhaifu sana inapogongwa. Plastiki ya soketi imeivishwa kwa joto na shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma, kwa hiyo inahimili joto kuliko hiyo epoksi, lakini imejazwa unga wa mbao au wa madini na haina uvumilivu wa kupinda. Jino la gia hupinda kidogo kila linapopokea mzigo. Geti linapogonga kizuizi, mzigo wote hufika kwa mkupuo kwenye jino moja au mawili, na jino la bakelaiti ya soketi litaondoka kama kipande cha kigae.

Iko themoseti moja inayofaa gia, nayo ina historia ndefu: kitambaa cha pamba kilicholoweshwa rezini ya fenoliki, tabaka juu ya tabaka, kisha kukandamizwa kwa joto kuwa bamba la kahawia. Gia za aina hiyo zilitumika kuendesha mhimili wa valvu katika injini nyingi za magari ya zamani, kwa sababu ni kimya na zinahimili mafuta ya moto. Ukilitazama bamba hilo upande wa ukingo utaona mistari ya kitambaa, na huenda umeshaliona kwa wanaosuka upya mota na transfoma, maana hutumika pia kuzuia umeme. Kinacholiokoa ni pamba, inayoshika jino lisikatike hata rezini ikipata ufa. Ukilipata bamba nene la kutosha, kata gurudumu likiwa limelala kama bamba lenyewe lilivyo, ili tabaka za kitambaa zipite ndani ya kila jino kuanzia shina hadi ncha. Ukilikata kwa kusimama, baadhi ya meno yatachanika kati ya tabaka na tabaka. Vumbi lake si la kuvuta, kwa hiyo vaa barakoa unapolikata.

Kwa mota yako, hata hivyo, nisingeanza na bamba hilo. Ningechagua kati ya nailoni 6 na asetali, na kati ya hizo mbili ningechukua asetali. Sababu yangu kubwa haina uhusiano na joto. Ni unyevu wa pwani.

Nailoni hunywa maji kutoka hewani. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, nailoni 6 hutulia ikiwa na maji kama asilimia 3 ya uzito wake, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu zaidi ya huo sehemu kubwa ya mwaka. Kila asilimia moja ya maji huirefusha nailoni kwa asilimia 0.2 au zaidi kidogo, na maji hayo hayo huishusha ugumu wake hadi karibu theluthi moja ya ule wa nailoni kavu. Asetali katika hewa hiyo hiyo hunywa takriban asilimia 0.2 tu. Tena maji huingia ndani ya nailoni nene taratibu mno, kwa wiki na miezi. Mche uliokaa dukani unaweza kuwa umeloa juu na mkavu katikati. Ukiukereza, unaifungulia hewa ile sehemu kavu, na gia inaendelea kukua baada ya kuifunga. Niliwahi kumfungia mteja gurudumu la nailoni lililozunguka vizuri sana siku ya kwanza, na baada ya wiki sita mashine ikawa inakata fyuzi. Tulibadilisha mota bure. Nilipolitoa gurudumu na kulipima, kipenyo kilikuwa kimezidi kile nilichokiandika kwenye daftari kwa zaidi ya nusu milimita.

Tuchukue hesabu ya gurudumu linalofanana na la kwako. Tuseme lina meno 40 ya moduli 2, yaani milimita 2 za kipenyo kwa kila jino, hivyo nusu kipenyo ni milimita 40 kwenye mstari wa kukutania, linazungushwa na parafujo ya chuma, na vyote vimo ndani ya kasha la alumini lenye umbali wa milimita 52 kati ya mhimili na mhimili. Karakana ina nyuzi 28 unapopima. Gurudumu likiwa kazini mchana lina nyuzi 68. Tofauti ni nyuzi 40.

Asetali hutanuka kwa sehemu 110 katika milioni kwa kila nyuzi. Zidisha kwa nyuzi 40 na kwa milimita 40, unapata milimita 0.18 kwenye nusu kipenyo. Unyevu unaongeza kama 0.04. Jumla ni 0.22. Kasha la alumini nalo linatanuka na kuisogeza parafujo nje kwa milimita 0.05, hivyo gurudumu linaikaribia parafujo kwa milimita 0.17. Kwa nailoni, joto linaleta 0.14, pungufu kidogo kuliko asetali, lakini unyevu wa asilimia 3 unaleta 0.24 kwa makadirio ya chini. Jumla ni 0.38, na ukitoa 0.05 ya kasha inabaki 0.33, karibu mara mbili ya asetali.

Gurudumu linaposogea kuelekea parafujo, nafasi ya mchezo kati ya meno hupungua kwa takriban robo tatu ya kiasi hicho, ikiwa pembe ya jino ni ile ya kawaida ya digrii 20. Kwa asetali unapoteza milimita 0.13, kwa nailoni 0.25. Gia ya chuma ya ukubwa huu ungeiachia mchezo wa 0.1 na ungelala usingizi. Gia ya asetali ukiiachia 0.1 itabana mchana na kuachia usiku. Mota itanguruma saa nane, mteja atakupigia simu, na ukifika saa kumi na mbili jioni utakuta kila kitu kinazunguka vizuri. Iachie 0.2. Nailoni inataka 0.35, na ukiiachia hiyo leo itakuwa inagonga-gonga kwa wiki kadhaa mpaka ishibe maji.

Ukilazimika kutumia nailoni kwa sababu ndiyo iliyopo, ikate kwanza ikiwa kubwa kuliko kipimo kwa milimita mbili au tatu pamoja na tundu la katikati, ichemshe katika sufuria ya maji kwa saa kadhaa, iache ipoe na ikae hewani siku chache ili maji yajigawe ndani yake, kisha ndipo uimalizie kwa kipimo. Ipime kwa mizani kabla ya kuichemsha na baada yake, ili ujue imekunywa kiasi gani. Ikiwa imeongezeka asilimia 3 au 4 ya uzito, umefika mahali pazuri. Nailoni ina faida moja ambayo sitaki kuificha: inavumilia kugongwa kuliko asetali. Geti zito sana lisilo na kizuizi laini mwishoni mwa reli linaweza kunifanya niirudie.

Kabla ya yote hayo, uhakikishe unachonunua. Huko Gerezani na Kariakoo mche wowote mweupe unaweza kuitwa nailoni, na huenda ukawa nailoni, asetali, au polithini nzito ile ya mbao za kukatia nyama. Macho hayatoshi kuzitofautisha, lakini mizani inatosha. Chukua kipande cha mche chenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 100. Kikiwa polithini kitakuwa na gramu 187 hivi na kitaelea majini. Kikiwa nailoni kitakuwa na gramu 224, na kikiwa asetali gramu 277. Vyote viwili vinazama. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mizani ya jikoni inaiona bila shida. Kwa kipande chenye umbo lingine, kipime uzito, kizamishe katika chupa yenye alama za mililita uone maji yamepanda kiasi gani, kisha ugawanye gramu kwa mililita: jibu la karibu 0.95 ni polithini, 1.14 ni nailoni, na 1.41 ni asetali.

Kama unataka kujua tu iwapo kipande cha zamani ni themoplastiki au themoseti, gusa sehemu isiyoonekana kwa ncha ya msumari uliopashwa moto. Themoplastiki itazama na kuvuta uzi. Themoseti itakataa, itageuka nyeusi na kutoa harufu kali. Fanya hivyo nje, kwa sekunde moja tu, na usikisogezee pua, maana asetali ikiungua hutoa fomaldehidi inayochoma macho na koo, na PVC hutoa tindikali.

Tukirudi kwenye gurudumu lenyewe, kuna mambo mawili ambayo huua gia nzuri ya plastiki hata kama umechagua vizuri. La kwanza ni jinsi linavyokaa kwenye mhimili. Plastiki ikikandamizwa muda mrefu hujisogeza polepole hata bila joto kali, na joto huongeza kasi ya jambo hilo. Ukilipiga gurudumu la asetali kwa nguvu kwenye mhimili wa chuma na kutegemea mkazo huo, mkazo utapotea, tena mchana tundu la plastiki litatanuka zaidi ya chuma, na mhimili utazunguka peke yake ndani ya gurudumu. Ufunguo mmoja mwembamba, yaani kile kipande cha chuma kinachofungia gurudumu kwenye mhimili, hautasaidia, kwa kuwa mzigo wote utasukuma ukuta mdogo wa plastiki na kuula. Tengeneza kitovu cha chuma au shaba chenye sahani pana, kifungie gurudumu kwa boliti nne au sita zinazopita upande hadi upande, na uweke mhimili na ufunguo ndani ya hicho kitovu. Pembe zote za ndani zifanye mviringo, hasa kwenye mashina ya meno, kwa sababu asetali huanza kupasuka mahali penye kona kali.

La pili ni parafujo. Plastiki hupitisha joto kidogo sana, zaidi ya mara mia moja pungufu ya chuma, kwa hiyo joto la msuguano linalozaliwa kwenye meno haliwezi kutoroka kupitia gurudumu. Linatoka kupitia parafujo ya chuma na grisi, au halitoki kabisa. Hii ndiyo sababu kuoanisha plastiki na chuma ni bora kuliko plastiki na plastiki. Pitisha ukucha juu ya nyuzi za parafujo: ukisikia mikwaruzo au kutu, isugue kwa msasa laini wa maji mpaka ing'ae, la sivyo itakuwa tupa na gurudumu lako litakuwa kitu kinachopigwa tupa. Safisha masalia yote ya PLA na grisi ya zamani, kisha weka grisi mpya iliyoandikwa kwamba inafaa kwa plastiki. Usitumie nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo hapa. Ni ngumu na inasifiwa sana, lakini kioo kikitokeza juu kinakwaruza chuma na kujila chenyewe.

Mwambie pia fundi atakayechonga meno kwamba parafujo inataka meno yaliyoinama kwa pembe ya nyuzi zake. Meno yaliyonyooka yatagusana nayo kwa ncha tu, na mzigo ule ule ukikaa kwenye eneo dogo kiasi hicho utaongeza joto na ulikaji hata kama plastiki ni sahihi. Kama geti ni la jengo la wapangaji wengi, linalofunguliwa asubuhi na jioni bila kupumzika, hata asetali inaweza kushindwa kutoa joto kwa wakati. Ukikuta gurudumu limebadilika rangi kwenye nyuso za meno huku mengine yote yakiwa sawa, hapo ndipo shaba ya gia, ile iliyochanganywa na bati, inapostahili gharama yake.

Sasa kava. Hapa mzigo ni jua, na ushauri wa mwenzako kuhusu themoseti unapata mahali pake. Kupauka na unga mweupe juu ya uso ni kazi ya mionzi ya jua inayokata minyororo ya plastiki, na makava mengi ya bei nafuu ni ABS, ambayo ina chembe za mpira ndani zinazoshambuliwa kwanza. Mpira ukifa, kinachobaki ni plastiki inayokatika. Ufa kwenye skrubu ni jambo la ziada: skrubu iliyokazwa kupita kiasi huacha mkazo wa kudumu kuzunguka tundu, na mkazo huo unasubiri tu plastiki ichoke, au iguswe na petroli au dawa ya kulegeza kutu, ndipo ipasuke. Polikaboneti, ambayo haivunjiki kwa nyundo, hupasuka kwa njia hiyo hiyo ikipakwa kimiminika kisichoifaa, kwa hiyo isafishe kwa maji na sabuni peke yake.

Ukitaka kuchapisha kava kwa printa uliyonayo, tumia ASA. Ni ndugu wa ABS aliyebadilishiwa ule mpira kwa aina inayovumilia jua, na hulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo jua halitaipinda. Rangi nyeupe au ya kijivu hafifu itapunguza joto ndani, na hilo litaisaidia gia pia. Mtu atakuambia matenki ya maji meusi yanakaa juani miaka mingi bila kupasuka, na ni kweli, kwa sababu masizi yaliyochanganywa ndani yake huzuia mionzi isipenye. Lakini ndani ya tenki hakuna mota wala saketi ya kulinda dhidi ya joto.

Njia ambayo mimi ningeipenda zaidi ni faibaglasi. Makasha ya nyaya na ya mita za umeme yanayokaa nje hutengenezwa kwa poliesta yenye nyuzi za kioo, ambayo ni themoseti, kwa sababu hailegei kwa jua na haijongei hata ikibebeshwa boliti kwa miaka. Dar es Salaam ina mafundi wa maboti na bodi za magari wanaoijua kazi hiyo vizuri. Ziba nyufa za kava la zamani, lipake nta mara kadhaa, chukua chapa, kisha ndani ya chapa anza na tabaka la nje lenye rangi na kinga ya jua, ufuatishe tabaka mbili au tatu za mkeka wa kioo. Hadena iwe kati ya asilimia 1 na 2 ya rezini. Ukizidisha ili upate haraka, rezini itachemka yenyewe, itapasuka, na itakuwa na ulemavu huo siku zote. Likishaganda, usilifunge siku hiyo hiyo. Liache juani kwa siku tatu au nne likiwa limeegemezwa kwenye umbo lake, ili wavu uendelee kufunga vifundo vyake, maana rezini iliyoganda kivulini jana bado inaweza kulegea leo kwenye nyuzi 60. Matundu ya skrubu yatoboe makubwa kuliko skrubu kwa milimita moja, weka washa pana, na ukaze mpaka kava liache kucheza, basi. Chini kabisa toboa vitundu viwili vya kutoa maji na mvuke, uvizibe kwa wavu ili sisimizi wasiingie.

Ukimaliza kufunga, tumia waya wa kupimia joto wa multimita yako: ubandike ncha yake kwenye kasha la alumini karibu na gurudumu, funga kava, na usome saa nane mchana baada ya geti kufunguka na kufungwa mara kumi mfululizo. Soma pia mchezo wa meno wakati huo huo, kwa kulitikisa gurudumu kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Hesabu niliyokupa imetumia nyuzi 68 kwenye gurudumu; kama wewe umepata 55, una nafasi ya ziada, na kama umepata 80, niandikie kipimo hicho pamoja na uzito wa geti na idadi ya mara linapofunguliwa kwa siku, kwa sababu hapo itabidi tuzungumze kuhusu shaba.